Video ya somo inakata maneno

Swali: Ninafundisha hapa Sofu, Kibaha. Slaidi za PowerPoint nimezirekodia sauti, lakini kwenye video maneno yanakatika na slaidi moja inapita upesi. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi inabadilika. Maliza sentensi, nyamaza kidogo, badilisha, ndipo uendelee. Hiyo inayokimbia yaelekea haina muda uliorekodiwa, hivyo imepewa sekunde 5 za kawaida. Fungua Slide Sorter: chini ya slaidi hiyo hutaona muda. Irekodi hiyo peke yake, kwani kila slaidi hubeba sauti yake. Kisha File > Export > Create a Video, uchague Use Recorded Timings and Narrations. Kwa wanafunzi wenye bando dogo 480p inatosha, ila maandishi madogo hayatasomeka vizuri.