Mchezo wa kadi za namba: juu ya nini 11 haiwezekani



Juma lililopita, katika saa ya hesabu, tulicheza mchezo mmoja ambao ulikaribia kutuletea ugomvi. Tunataka kuueleza hapa, kwani ule ugomvi ndio uliotufundisha somo lenyewe, na tena kwa ajili ya mwenzetu aliyeitwa mwongo mbele ya darasa zima.

Mchezo ni huu. Mwalimu alikata kartoni ya sabuni vipande sita, akaandika namba 1 mpaka 6. Wanafunzi sita walisimama mbele ya tablo kwa mstari mmoja, kila mtu na kadi yake kifuani. Kazi yao ni kujipanga: namba ndogo upande wa mlango, namba kubwa upande wa dirisha. Lakini kuna sheria moja: hauna ruhusa ya kubadilishana pahali na mtu mwingine ila jirani yako tu, yule anayekugusa bega. Na mnabadilishana tu ikiwa namba kubwa iko upande wa mlango na ndogo iko upande wa dirisha. Kila mara wawili wanapobadilishana, mwandishi wa kundi anapiga alama moja katika kaye yake.

Darasa liligawanyika makundi mawili, na yote mawili yalianza na mstari ule ule, kutoka mlangoni:

4 6 2 5 1 3

Kundi la kwanza lilianzia mlangoni. Wawili wa kwanza, 4 na 6, wako sawa, wakabaki. Kisha 6 na 2 wakabadilishana, kisha 6 na 5, 6 na 1, 6 na 3, mpaka 6 akafika dirishani. Mstari ukawa 4 2 5 1 3 6, na alama zilikuwa 4. Wakarudia toka mlangoni: mara ya pili alama 3, na mstari ukawa 2 4 1 3 5 6. Mara ya tatu alama 2, ukawa 2 1 3 4 5 6. Mara ya ine alama 1 tu, na kila mtu akawa pahali pake. Wakapita tena mara ya tano kwa kuhakikisha, hakuna aliyeondoka. Jumla: 4 na 3 na 2 na 1, ndio kusema 10.

Kundi la pili lilifanya kinyume. Lilianzia dirishani, likamvuta 1 mpaka mlangoni, kisha 2, kisha 3, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwandishi wao akasoma kaye yake: 11.

Hapo kelele zikaanza. Wengine walisema: "Ile njia ya dirishani ni ndefu zaidi, ndiyo sababu." Wengine wakamwambia mwandishi: "Weye unaongeza, ni bongo!" Naye alisimama akasema kwamba alipiga alama kila mara aliposikia firimbi, wala hakuongeza hata moja. Mwalimu hakumkaripia mtu. Alituuliza tu: "Kabla ya mtu hata mmoja kutembea, mngeweza kujua hesabu ya alama?" Tulicheka. Lakini kumbe inawezekana.

Angalieni mstari wa kwanza tena, 4 6 2 5 1 3. Tusiangalie majirani peke yao, tuangalie watu wote wawili wawili, hata wanaosimama mbali. Tuite "jozi iliyopinduka" watu wawili ambao mkubwa amemtangulia mdogo. Tunahesabu hivi: kwa kila mtu, ni wangapi wadogo kuliko yeye wanaosimama nyuma yake, upande wa dirisha?

4 ana nyuma yake 2, 1 na 3: jozi 3.
6 ana 2, 5, 1 na 3: jozi 4.
2 ana 1 tu: jozi 1.
5 ana 1 na 3: jozi 2.
1 hana mtu, na 3 ni wa mwisho: hakuna.

Jumla ni 10. Ni hesabu ile ile ya kundi la kwanza, na hatujaondoa mtu hata mmoja!

Juu ya nini ni vile? Tuchukue 6 na 2 wanapobadilishana. Kwa kuwa ni majirani, hakuna mtu katikati yao. Mtu yeyote mwingine, kama alikuwa nyuma yao, anabaki nyuma ya wote wawili. Kama alikuwa mbele, anabaki mbele. Basi kitu kimoja tu kinageuka, ni jozi ya 6 na 2 wenyewe. Ilikuwa imepinduka, sasa imenyooka. Kutoka jozi 10 zinabaki 9. Kubadilishana kunakofuata kutaacha 8, na kuendelea hivyo. Haiwezekani kupunguza mbili kwa mara moja, haiwezekani pia kubadilishana halali bila kupunguza. Mstari uliopangwa hauna jozi iliyopinduka hata moja. Kwa hiyo kutoka 10 mpaka 0 ni hatua 10, uanzie mlangoni, uanzie dirishani, au uanzie katikati.

Mmoja wetu aliuliza: je, tunaweza kukwama njiani, jozi zingali zimepinduka lakini hakuna majirani wa kubadilishana? Hapana. Kama kila mtu ni mdogo kuliko jirani yake wa upande wa dirisha, basi mstari wote umekwisha kupangwa. Kama haujapangwa, kuna majirani wawili mahali fulani ambao hawako sawa.

Ile sheria ya jirani ndiyo inayoshika hesabu yote. Tulijaribu kuivunja: katika mstari wa kwanza tulimwacha 4 aruke abadilishane moja kwa moja na 1. Ikawa 1 6 2 5 4 3. Hesabuni wenyewe: jozi zilizopinduka ni 7. Kwa mruko mmoja tulipunguza tatu, kwa sababu 2 aliyekuwa katikati alipata mpangilio mpya na wote wawili.

Sasa turudi kwa mwandishi wetu na 11 yake. Tuseme kundi lake lilikosea, watu wawili waliokuwa sawa wakabadilishana. Jozi moja iliyonyooka inapinduka, ndio kusema tumeongeza moja. Itahitaji kubadilishana kwingine kwa kuirudisha. Kila kosa linadai hatua mbili: moja ya kuharibu, moja ya kutengeneza. Basi mwenye kukosea mara moja atamaliza kwa 12, mara mbili kwa 14. Hata wacheze vibaya namna gani, hawatamaliza kwa 11. Hesabu inayogawanyika kwa mbili inabaki hivyo. Kwa hiyo 11 haikutoka katika miguu ya wachezaji. Ilitoka katika kuhesabu.

Tulirudia njia ya dirishani polepole. Alama 4 za kumleta 1, alama 3 za 2, alama 2 za 3, na moja ya mwisho kati ya 6 na 5. Ni 10. Na tulipofika pale 6 na 2 walipopaswa kubadilishana, mwenye firimbi mwenyewe alikumbuka: alipiga mara mbili hapo, kwani kelele za darasa zilikuwa mingi na 2 hakusikia firimbi ya kwanza. Mwandishi alikuwa ameandika yote mawili kwa uaminifu. Hakuongeza kitu. Wale waliomwita mwongo walimwomba musamaha palepale. Tangu siku ile tunapiga alama kwa macho, wakati wawili wamekwisha kubadilishana, wala si kwa firimbi.

Hesabu hii si mchezo wa watoto tu. Gabriel Cramer wa Geneva, katika kitabu alichotoa mwaka 1750, alihesabu jozi zilizopinduka kwa namna hii hii ili kujua kama kila kipande cha ile hesabu tunayoiita leo determinanti kinachukua alama ya kujumlisha au ya kutoa. Zikigawanyika kwa mbili, ni kujumlisha. Zisipogawanyika, ni kutoa. Wakubwa wetu wa sayansi katika madarasa ya juu wanaitumia.

Mwishowe mwalimu alituuliza: kama hatua hazipunguki, je, wakati unaweza kupunguka? Ndiyo, kama watu wengi wanafanya kazi pamoja. Tulicheza hivi: kwa firimbi ya kwanza wanatazamana wa pahali pa 1 na 2, wa 3 na 4, wa 5 na 6. Kwa firimbi ya pili, wa 2 na 3, wa 4 na 5. Kisha tunarudia kwa zamu. Mstari ulikwenda hivi:

Mwanzo: 4 6 2 5 1 3
Firimbi 1: 4 6 2 5 1 3
Firimbi 2: 4 2 6 1 5 3
Firimbi 3: 2 4 1 6 3 5
Firimbi 4: 2 1 4 3 6 5
Firimbi 5: 1 2 3 4 5 6

Kubadilishana kulikuwa 0, 2, 3, 2 na 3, jumla 10 tena. Lakini firimbi ni 5 tu. Imehakikishwa kwamba watu sita hawahitaji kupita firimbi 6, na watu 40 hawapiti 40, hata kama wamesimama kinyume kabisa, na jozi zote 780 zimepinduka.

Angalieni mtego: kwa firimbi ya kwanza hakuna aliyeondoka, na wengine walitaka kukaa, wakidhani kazi imekwisha. Bado. Firimbi moja inauliza nusu tu ya majirani. Ni lazima firimbi mbili zinazofuatana zipite bila mtu kuondoka. Na kama kadi mbili zina namba moja, wenye kadi hizo wasibadilishane. La sivyo watazunguka pale mpaka kengele ya mapumziko.

Zoezi: mstari ni 3 1 5 2 6 4. Kundi moja linasema lilimaliza kwa hatua 7, jingine kwa 8. Ni nani alihesabu vibaya?

Jibu: jozi zilizopinduka ni 5. Wa 7 waliweza kukosea mara moja katika kucheza. Wa 8 walihesabu vibaya. Warudie polepole, bila kumwita mtu mwongo.