Namba 39 haitakuokoa

*Shangazi, nina umri wa miaka 26, naishi Ruiru, na mwezi uliopita nilipata kazi kwenye meza ya mapokezi katika ofisi moja mjini Thika. Mkubwa wetu anataka tuvae rasmi na wenzangu wote huvaa mchuchumio, basi nikaenda soko la Jamhuri kutafuta viatu vya mtumba. Mimi huvaa namba 40, lakini jozi ya kwanza niliyojaribu ilikuwa ikinitoka nyuma kila nikipiga hatua. Nikachukua namba 39, vyeusi, vyenye ncha kali na kisigino chembamba cha sentimita 10. Navyo vinanitoka! Nikabandika sponji nyuma, nikaongeza pedi ya jeli mbele, ndipo mambo yakazidi kuharibika. Ikifika saa sita mchana nyayo zinawaka moto, kidole cha tatu na cha nne vinakufa ganzi. Jioni navivulia kwenye matatu. Mchumba wangu anasema niachane navyo, lakini mimi navipenda, na mwezi ujao namsimamia rafiki yangu harusi ambayo picha zitapigwa kwenye nyasi. Je, nitavizoea au miguu yangu haikuumbiwa viatu hivi?*

*Anayechechemea, Ruiru*

Binti yangu, hutavizoea, na nakuomba usijaribu. Miguu yako haina kasoro. Ulisoma vibaya dalili moja tu, hiyo ya kiatu kukutoka nyuma, na yote uliyofanya baadaye yakafuata kosa hilo.

Kiatu cha kisigino kirefu kina mteremko ndani. Ukisimama, uzito wako unauteremka na mguu mzima unateleza kuelekea mbele, vidole vikajibana kwenye ncha. Mguu ukishasonga mbele, nyuma panabaki nafasi. Wewe ukaiona nafasi hiyo ukadhani kiatu ni kikubwa, ukashuka namba. Kumbe mteremko haukupungua hata kidogo, ila vidole vimepata chumba kidogo zaidi cha kubanana. Ndiyo maana 39 inakutoka vilevile, na juu yake inakuumiza. Tafadhali rudi kwenye 40 yako, kisha tushughulikie huko kuteleza.

Anza na urefu. Chukua rula, simamisha kiatu mezani, upime mara mbili: kwanza kimo cha kisigino kwa nyuma, kuanzia chini hadi pale soli inapokutana na mwili wa kiatu, pili unene wa soli ya mbele, pale mashina ya vidole yanapokaa. Toa cha pili katika cha kwanza. Jibu ndilo mteremko ambao mguu wako unaubeba. Viatu vyako vina sentimita 10 nyuma, na kwa kuwa ni vya ncha vyenye soli nyembamba, nakisia mbele hakuna hata nusu sentimita. Unabeba mteremko wa karibu sentimita 9 na nusu siku nzima, ukiinuka na kuketi kila mgeni anapoingia. Sasa chukua kiatu kingine chenye kisigino cha sentimita 8 na nusu na soli ya mbele ya sentimita 2. Machoni ni kirefu karibu sawa na chako, ila mguu unabeba sentimita 6 na nusu tu. Kwa mtu anayeanza, anayefanya kazi ya kusimama na kuketi, mimi ningeanzia chini zaidi, mteremko wa sentimita 5 au 6, halafu nione baada ya miezi michache kama kuna haja ya kupanda.

Lakini usije ukakimbilia soli nene kupita kiasi. Soli ya mbele ikizidi sentimita 2 na nusu hivi, huwa ngumu, haikunjiki unapotembea, na wayo hauhisi tena kilicho chini yake. Ukikanyaga jiwe kwenye njia ya maramu, unajua umelikanyaga pale kifundo cha mguu kinapopinda. Na kwa kuwa umeinuliwa juu zaidi, kinapinda vibaya. Ukiona soli nene, itazame kwa ubavu: ncha yake iwe imeinuka kidogo kutoka mezani, ili kiatu kijiviringishe mbele unapopiga hatua. Ikilala bapa kama tofali, iache hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo rula haionyeshi. Chungulia ndani, pale kisigino chako kinapokaa. Panapaswa kuwa karibu tambarare, kisha mteremko uanze baada ya hapo. Penye mteremko tangu nyuma kabisa, utateleza hata kama kisigino ni kifupi. Halafu kisukume kisigino kwa kidole, kiatu kikiwa mezani. Kikitikisika, kimebandikwa vibaya au kimechoka. Na kwa kuwa ni mtumba, kamata mbele na nyuma ujaribu kukunja katikati, chini ya upinde wa wayo. Ndani ya soli kuna kipande cha chuma kinachoshikilia umbo la kiatu, kwa hiyo pakikunjika ujue chuma kimevunjika. Hicho usikinunue hata ukipewa kwa shilingi 50.

Sasa ncha. Ganzi ya kidole cha tatu na cha nne inaniambia mishipa ya fahamu inayopita katikati ya mifupa hapo inabanwa, na anayebana ni umbo la mbele pamoja na ule mteremko. Fanya hivi jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyokuwa kazini. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa miguuni, mtu akuchoree wayo kwa penseli iliyosimama wima. Pengine mchumba wako atapata kazi ya maana zaidi ya kutoa amri. Kata mchoro huo, uende nao sokoni. Uweke chini ya soli ya kiatu unachokitaka. Kwa kiatu cha ncha, ule wembamba uanze *baada* ya vidole kuisha, ncha yenyewe ikae tupu. Karatasi ikitokeza pembeni penye kidole kidogo au kidole gumba, nyama yako itafanya vivyo hivyo, ila yenyewe haina pa kutokea. Soli huwa nyembamba kidogo kuliko ngozi ya juu, kwa hiyo nusu sentimita kila upande nakusamehe. Zaidi ya hapo hapana.

Kwa mchoro huo nadhani utagundua kwamba umbo la yai mbele, au la mraba uliolainishwa pembe, linakufaa kuliko ncha kali. Ninavyojua mimi, umbo la yai linakupa sura ile ile ya heshima mezani kwa mapokezi bila kukudai vidole viwili. Viatu vilivyo wazi kwenye ncha tu, vidole vikichungulia, usivitake kwa kazi hii, maana mguu ukiteleza vidole vinasukumwa nje kupitia tundu na ukingo wake unakukata. Faida moja ya mtumba ni kwamba aliyevaa kabla yako ameacha ramani ndani. Funua kiatu uangalie alama nyeusi za vidole vyake. Zikiwa zimesongamana hadi kwenye ncha, naye aliteleza.

Tafuta pia chenye mkanda, uwe wa kuzunguka kifundo au wa kukatiza juu ya wayo. Huo ndio unaokushika usiteremke, kazi ambayo sponji ya nyuma haiiwezi. Sponji yako ilikuwa ikikusukuma mbele zaidi, na ile jeli ya mbele, kwa unene wake, ikapandisha vidole kugusa paa la kiatu ambacho tayari kilikuwa kidogo. Pedi huhitaji nafasi yake. Haiokoi kiatu kinachobana.

Katika kiatu cha namba yako, pedi moja yatosha, na mahali pa kuiweka ndipo wengi wanapokosea. Ipo pedi ndogo iliyoumuka, yenye umbo la tone la maji. Watu huibandika chini kabisa ya pale panapouma. La! Inakaa *nyuma* ya mashina ya vidole, ili ipokee uzito kabla haujafika kwenye mifupa inayouma, na pia itanue kidogo ile mifupa iachie mishipa. Kupajua mahali pake, paka rangi ya mdomo kwenye wayo pale panapowaka zaidi, vaa kiatu bila soksi, simama, piga hatua chache papo hapo, uvue. Ndani utaona alama nyekundu. Bandika pedi ili ukingo wake wa mbele uishie pale alama inapoanzia, upande wa kisigino. Tembea nayo nyumbani saa moja. Ukihisi kama umekanyaga kokoto, irudishe nyuma kidogo. Ile jeli bapa ina kazi yake pia, ya kuzuia kuteleza na kulainisha kishindo, lakini usizipange zote mbili katika kiatu kimoja.

Hiyo jozi ya 39 uliyonayo haifai. Najua utaniuliza kama fundi anaweza kukata kisigino. Thika ni mji wa ngozi, kuna hata kituo cha kufundisha utengenezaji wa viatu, na mafundi wa kukufanyia kazi safi hawakosekani. Lakini kisigino hukatwa sentimita 1 hivi, basi. Ukizidisha, mizani ya kiatu inavunjika: ncha inanyanyuka juu na kisigino kinalala kwa nyuma. Sentimita moja haitakusaidia chochote penye 9 na nusu. Viuze.

Safari nayo tuitenganishe na kazi. Vaa raba kutoka nyumbani Ruiru, upande nazo daraja la watu la barabara kuu na matatu, hadi mlangoni pa ofisi. Mchuchumio ukae kwenye mkoba au chini ya meza. Ndani ya ofisi piga hatua fupi kuliko zako za kawaida, kisigino kikitangulia kugusa chini. Kwenye ngazi za kupanda, kanyaga kwa sehemu ya mbele wala usikining'inize kisigino nje ya ngazi.

Kwa harusi, kisigino chembamba kitazama kwenye nyasi na mpiga picha atasubiri ukijing'oa. Chagua kisigino kipana cha mraba, au kile kilichoungana na soli kutoka nyuma hadi mbele, na mkanda wa kifundo. Kipana pia hakiyumbi, kwa hiyo hapo unaweza kujiruhusu sentimita moja zaidi ya kiatu cha kazini. Ukipenda chembamba kwa lazima, kuna vifuniko vya plastiki vya kuvisha ncha ya kisigino ili kisizame. Vijaribu mapema, kwa sababu visivyolingana hung'oka.

Kabla ya hayo yote, pumzisha miguu juma zima kwa viatu bapa na vipana mbele. Ganzi ikiisha, endelea na mpango huu. Ikibaki hata asubuhi unapoamka, au ikiwa unahisi kama soksi imekunjamana chini ya vidole ilhali uko peku, nenda hospitali ya Thika Level 5 uangaliwe mguu, na uende na hivyo viatu mkononi daktari avione.