M.P. si mbunge: vifupisho vya Kirusi kwenye cheti cha babu

Likizo iliyopita nilikuwa Chilangala kwa babu. Cheti chake cha chuo kikuu kimeandikwa Kirusi, na tafsiri ya Kiswahili aliyokuwa nayo ilirudishwa na karani mmoja: eti "UDN" si chuo kinachojulikana. Mjomba naye alipoona "M.P." karibu na sahihi akauliza, "Baba, hapa alisaini mbunge gani?" Babu alicheka mpaka akakohoa.

Aliyetafsiri alibadilisha maneno, vifupisho akaviacha vilevile. M.P. ni mesto pechati, yaani mahali pa muhuri. Si mtu. Kwenye tafsiri unaandika hivyo kwa maneno, na kama muhuri upo, unasema upo.

Kilichotuchosha zaidi ni herufi moja, g. Mstari wa tarehe ulitafsiriwa hivi: "G. Moskva, 22 Juni 1979 G." Ukiusoma haraka, G. Moskva ni mtu, kama vile G. Masanja. Kumbe g. ikitangulia jina la mahali ni gorod, mji. Ikifuata tarakimu za mwaka ni god, mwaka. Kwa hiyo: "Mji wa Moscow, tarehe 22 Juni, mwaka 1979." Mahali ilipokaa ndipo panapokuambia maana yake.

Halafu kuna "im. Patrisa Lumumby". Im. ni imeni, kwa jina la. Kirusi hubadilisha miisho ya majina kufuatana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo ukishafumbua im. lazima urudishe jina kwenye umbo lake: Patrice Lumumba. Ukiacha "Lumumby", msomaji wa Newala anayemjua Lumumba vizuri kabisa atadhani ni mtu mwingine.

Sasa UDN. Ni Universitet Druzhby Narodov: Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa. Kilianzishwa mwaka 1960, kikapewa jina la Lumumba mwaka 1961 baada ya kuuawa kwake. Tangu 1992 kifupisho chake ni RUDN, hiyo R ikiwa "cha Urusi". Karani akitafuta UDN leo anaweza asikipate, ndiyo maana tuliandika jina kamili, UDN kwenye mabano ili alinganishe na cheti chenyewe, na jina la sasa chini kama maelezo ya mtafsiri. Usilichanganye na maneno ya cheti, kwa sababu mwaka 1979 jina hilo halikuwepo.

Usijitungie kifupisho cha Kiswahili pia. CCCP, ambayo kwa herufi zetu ni SSSR, ni Muungano wa Jamhuri za Kisovieti za Kisoshalisti. Ukiandika "MJKK" umemfungia msomaji mlango wa pili.

Kifupisho kikikushinda, usikisie. Soma kwanza kichwa cha cheti, kisha maandishi yanayouzunguka muhuri, maana mara nyingi jina la chuo limeandikwa hapo kwa kirefu. Wa babu ulikuwa umefifia; tuliusoma nje, juani, mjomba akiwa ameshika kioo cha kukuzia.