Sabini kwa sabini: vidokezo 6 vya kupima shamba kwenye picha ya setilaiti

Uko mezani Igogo, Mwanza, kompyuta iko wazi. Mashamba yenyewe yako Misungwi, Magu au Sengerema, na mengine ni bustani za mboga hapo kando ya ziwa. Unachora mipaka kwenye picha, kisha unalinganisha na ekari alizotaja mkulima. Namba zisipokubaliana, usikimbilie kumlaumu mkulima.

1. Chora kabla ya kuona jibu lake.
Ukishajua kwamba mama kasema "ekari mbili", mkono utavuta mstari mpaka mbili zitimie. Orodha ya majibu aishike mtu mwingine mpaka umalize kuchora.

2. Chagua picha inayoonyesha ukingo.
Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63.6 tu. Kwenye picha za Sentinel-2, ambako pikseli moja ni mita 10, shamba hilo ni pikseli 40 hivi, na nyingi kati yake zinagusa mpaka. Tumia picha kali zaidi inayoonyesha njia, ua na kingo za majaruba. Hata hapo kuwa makini: ukizidisha mita 2 kila upande, ekari moja inavimba kwa asilimia 13. Kwa hiyo amua mapema kama mstari unapita katikati ya tuta la jaruba au ndani yake, na uufuate uamuzi huo kwa mashamba yote.

3. Angalia tarehe ya picha.
Google Earth Pro inaonyesha tarehe na picha za miaka ya nyuma. Kando ya ziwa jambo hili si dogo: Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita rekodi ya mwaka 1964. Bustani unayoiona kwenye picha ya zamani huenda baadaye ililiwa na maji, na mkulima anakutajia kilichobaki.

4. Toa mawe.
Mwanza ni nchi ya majabali, na jabali halilimwi. Kwenye QGIS tumia `Add Ring` kutoboa poligoni palipo na jabali kubwa, kichuguu au nyumba. Vijiwe vidogo viache. Muulize mkulima kama naye aliyatoa mawe hayo kwenye hesabu yake, maana wengi hutaja eneo lote wanalolimiliki.

5. Kokotoa kwa mita, si kwa digrii.
Mwanza iko kanda ya UTM 36 Kusini, yaani `EPSG:32736`. Kwenye QGIS hakikisha kipimo cha eneo cha mradi ni mita za mraba na ellipsoidi ni WGS 84, kisha andika kwenye kikokotoo cha safu:

```
$area / 4046.86
```

Ukitumia `area(@geometry)` kwenye tabaka lililo katika `EPSG:4326`, utapata namba kama 0.0000007. Hizo ni digrii za mraba, hazina maana yoyote shambani.

6. Uliza "ulipimaje?", kisha soma uwiano.
Hapa ndipo penye siri. Tuseme poligoni imetoa mita za mraba 9,640, sawa na ekari 2.38, na mama kasema mbili. Unamuuliza:

"Mama, mlipimaje?"

"Tulivuta kamba, mita sabini kwa sabini, mara mbili."

Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Mara mbili ni 9,800. Mchoro wako umepishana naye kwa asilimia 2 tu! Ekari yenyewe ni yadi za mraba 4,840, karibu sawa na yadi 70 kwa 70, na hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja. Aliyehesabu hatua 70 atakaribia ekari kamili. Aliyevuta mita 70 ana ekari kubwa kwa asilimia 21.

Kwa hiyo gawanya eneo la mchoro kwa eneo alilotaja mkulima. Majibu ya kijiji yakikusanyika karibu na 1.2, watu wanapima kwa mita 70: badili kipimo, usibadili michoro. Uwiano wa 2 kwa shamba moja mara nyingi una maana umemeza la jirani, 0.5 huenda kipande cha pili hujakichora. Mashamba hayo yarudie, ikibidi uyazunguke na GPS.

Kuna mwelekeo mwingine wa kutarajia. Tafiti zilizolinganisha GPS na majibu ya wakulima, Tanzania na Uganda zikiwemo, zilikuta mashamba madogo hutajwa makubwa kuliko yalivyo, na makubwa hutajwa madogo. Watu pia hukata namba kwenye nusu, moja au mbili. Basi usipime kijiji kizima kwa wastani mmoja: tenga yaliyo chini ya ekari moja, uyasome peke yake.