Mafunzo Niliyopata kwa Kuchanja Kuku wa Kienyeji Singida

1. Mdondo haungoji dawa. Kuku aliyeshinda vizuri jana, leo anashusha mbawa, anahara kijani na kuhema mdomo wazi. Anayechelewa kufa hupinda shingo. Ni kirusi, kwa hiyo antibayotiki haikiui, wala pilipili na shubiri. Chanjo nayo huhitaji wiki moja hadi mbili ili kinga ijengeke. Ukichanja ugonjwa ukiwa umeshaingia bandani, walioambukizwa watakufa tu, na kijiji kizima kitasema chanjo ndiyo iliyowaua.

2. Kuchanja mara moja kwa mwaka hakutoshi. Sisi tunafuata Januari, Mei na Septemba, kwa sababu kinga ya chanjo ya I-2 hufifia baada ya miezi kama minne. Tena kuna vifaranga. Jirani yangu alichanja kuku wote Januari, akairuka Mei. Kati ya hapo matetea wake walikuwa wametotoa, na kufikia Agosti wengi waliokuwa wakichakura uani pale hawakuwahi kuonja chanjo hata tone. Mdondo ulipoingia, uliwafagia hao kwanza, kisha ukachukua baadhi ya wakubwa ambao kinga yao ilikuwa imeshuka. Duru ya Mei ingewakuta wote. Kifaranga hata wa siku chache hupewa tone moja, sawasawa na jogoo.

3. Tone lazima liingie jichoni. Tunachanja alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, maana wakishatawanyika hutawapata wote. Mlaze kichwa ubavu, shika chupa wima ili matone yalingane, dondosha moja, kisha subiri apepese jicho na tone lipotee. Likimwagikia manyoya, rudia. Usimsahau tetea anayeatamia: huyo ndiye anayerukwa mara nyingi. I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za mdondo, lakini jua huiharibu, kwa hiyo chupa tunaizungushia kitambaa kibichi na kuiweka kivulini.

4. Kila ugonjwa una chanjo yake. I-2 haizuii ndui, ule unaoota vipele kwenye kishungi na kando ya macho na kuenezwa na mbu. Wala haizuii gumboro, inayoshambulia zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Ya gumboro huwekwa kwenye maji ya kunywa yasiyo na klorini, baada ya vifaranga kukaa na kiu kidogo ili wayamalize upesi. Ya ndui huchomwa kwenye utando wa bawa kwa sindano ya ncha mbili. Baada ya siku 7 hadi 10 ninainua mbawa za kuku kadhaa na kutazama pale nilipochoma. Nikiona uvimbe mdogo au kigaga, chanjo imeshika. Pakiwa laini kwa wengi wao, ninaomba chupa nyingine na kuchanja upya.