Hakula Siku Mbili, Sukari Ikapanda: Ketoasidosisi Ilivyotukuta Hosteli

Muhula uliopita, usiku wa Jumapili, niliamshwa na pumzi za mwenzangu wa chumba. Alikuwa amelala kitandani lakini anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia: pumzi ndefu, za kina, za mfululizo, hakohoi na kifua hakipigi mluzi. Majirani wakasema ni pumu, mmoja akakimbilia pampu yake. Mwingine akasema ni malaria, maana tangu Ijumaa alikuwa anatapika na tumbo linamuuma. Mdomoni alikuwa na harufu tamu ya ajabu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alikuwa anamaliza chupa ya maji na kuanza nyingine, anakwenda chooni kila mara, na bado midomo imekauka hadi inapasuka.

Huyu mwenzangu ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa sekondari, yaani kongosho lake halitengenezi insulini, hivyo anaishi kwa sindano. Alipoanza kuharisha na kukosa hamu ya chakula, aliacha kujichoma. "Sili kitu, sasa sindano ya nini?" aliniambia Ijumaa. Nikaona ana hoja. Mimi ninayesomea ualimu wa Baiolojia na Kemia, nikaona ana hoja!

Tatizo ni kwamba wengi tumekariri insulini kama ufunguo unaofungua mlango wa seli ili glukosi iingie. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Insulini ni taarifa pia. Ikiwapo kwenye damu, ini na mafuta ya mwili huelewa kuwa mwili umeshiba: acheni kutoa akiba. Ikipungua, huelewa kuwa kuna njaa. Ikikosekana kabisa, ini huona njaa kali hata kama damu imejaa sukari pomoni. Basi linaanza kumwaga glukosi: kwanza inayotoka kwenye glikojeni iliyohifadhiwa, kisha mpya inayotengenezwa kutokana na protini za misuli. Kwa hiyo mwenzangu hakula siku mbili, na sukari ikapanda. Ilitoka ndani mwake mwenyewe. Ugonjwa nao uliongeza kasi, kwa sababu mwili ukiumwa hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli ambazo hupingana na insulini. Siku ya kuumwa mara nyingi huhitaji insulini zaidi kuliko siku ya kawaida.

Wakati huohuo mafuta nayo yanavunjwa. Asidi za mafuta zinamiminika kwenye ini, na ini linazigeuza kuwa ketoni. Ketoni si sumu kwa asili yake. Hata mtu aliyefunga huwa nazo kidogo, na ubongo huzitumia kama chakula. Tofauti ni kwamba aliyefunga bado ana insulini kidogo, na hiyo kidogo inatosha kuzuia mafuta yasivunjwe ovyo. Ndiyo maana wenye kisukari cha aina ya pili, ambao kwa kawaida bado wana insulini ya kwao, hawafiki huku mara nyingi, ingawa wapo wanaofika. Kwa mwenzangu breki haikuwepo kabisa. Ketoni mbili kati ya tatu ni asidi; ya tatu ni asetoni, ile harufu ya rangi ya kucha, inayotoka kwa pumzi.

Sasa kupumua. Damu hujikinga na asidi kwa bikaboneti, na mlinganyo wake ni ule tuliousoma kidato cha sita:

H⁺ + HCO₃⁻ → H₂CO₃ → H₂O + CO₂

Kila asidi inayoingia inakula bikaboneti na kuacha kaboni dioksaidi. pH ya damu haitegemei bikaboneti peke yake, bali uwiano wake na kaboni dioksaidi. Tuchukue namba. Mtu mzima mwenye afya ana bikaboneti kama milimoli 24 kwa lita, na kaboni dioksaidi iliyoyeyuka kama 1.2. Uwiano ni 20 kwa 1, na pH ni 7.4. Tuseme ketoni zimekula bikaboneti hadi imebaki 8. Kama angeendelea kupumua kawaida, uwiano ungekuwa 8 kwa 1.2, yaani chini kidogo ya 7 kwa 1, na pH ingeshuka hadi karibu 6.9, mahali pa hatari sana. Lakini akipumua kwa nguvu hadi kaboni dioksaidi ifike nusu, 0.6, uwiano unarudi zaidi ya 13 kwa 1 na pH inakuwa karibu 7.2. Bado ni mgonjwa, ila moyo unaweza kuvumilia.

Kwa hiyo zile pumzi hazikutokana na kukosa hewa. Ubongo ulihisi asidi ukaamuru mapafu yatoe kaboni dioksaidi kwa wingi, na pumzi ya kina hutoa nyingi kuliko pumzi fupi za harakaharaka. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza upumuaji huu mwaka 1874, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Pampu ya pumu isingesaidia lolote, maana njia ya hewa ilikuwa wazi.

Na maji je? Figo huchuja glukosi kisha huirudisha yote kwenye damu, mradi sukari isizidi kama milimoli 10 kwa lita. Ikizidi hapo, inayobaki inapita kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mtu anakojoa maji ambayo mwili unayahitaji, na sodiamu na potasiamu zinaondoka humohumo. Ongeza kutapika, kuharisha, na maji yanayopotea kwa kuhema. Mtu mzima aliyefikia hali hii anaweza kuwa na upungufu wa lita 6 hivi. Kunywa hakutoshi, kwa sababu bomba la chini bado liko wazi. Damu ikipungua, figo hupata damu kidogo, zinashindwa kutoa sukari, na sukari inapanda zaidi.

Tulimpima kwa kimashine chake mwenyewe. Hakikutoa namba, kiliandika HI, maana yake imepita uwezo wake. Tukakodi bajaji.

Hospitali hawakuanza na insulini, jambo lililonishangaza. Kwanza dripu ya maji ya chumvi, halafu wakachukua damu kupima potasiamu. Nesi alinieleza taratibu: "Mwanangu, insulini inasukuma potasiamu iingie kwenye seli. Huyu amekojoa nyingi, ikishuka ghafla moyo unasimama." Walipoona kipimo kinaruhusu, ndipo insulini ikaanza kuingia kidogokidogo kwa mshipa. Saa chache baadaye sukari ilikuwa imeshuka vizuri, lakini bado alikuwa anahema. Nikadhani dawa imegoma. Kumbe sukari hushuka mapema kuliko asidi, kwa hiyo insulini haikukatwa. Waliongeza dripu yenye glukosi ili sukari isianguke huku ketoni zikiendelea kumalizwa. Pumzi zilitulia Jumatatu jioni.

Siku hizi akiumwa hakatishi ile sindano ya insulini ya kutwa nzima hata kama hali. Anapima sukari kila baada ya saa chache, na ana vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo. Kijiti kikibadilika rangi sana, au akianza kutapika kila anachokunywa, hatusubiri asubuhi. Namba ya dereva wa bajaji tumeibandika mlangoni.