Kutoka Tegemezi hadi Majedwali: Uundaji wa Umbo Sanifu la Tatu

Makala haya yanafafanua njia ya kuunda majedwali ya hifadhidata yaliyo katika umbo sanifu la tatu, yaani majedwali ambamo sifa isiyo sehemu ya ufunguo haitegemei kitu kingine ila ufunguo. Njia hiyo ilitolewa na Philip Bernstein mwaka wa 1976. Inadhihirishwa hapa kwa jedwali moja la maktaba linaloonyesha ni nani aliyewahi kuazima nakala gani.

Sifa za jedwali ni sita: nakala (N), toleo (T), mchapishaji (M), mwazimaji (A), simu yake (S) na idara yake (I). Karani wa maktaba ameeleza tegemezi hizi:

```
N → T M
T → M
A → S
A S → I
```

Kwanza, kila utegemezi hugawanywa ili upande wa kulia ubaki na sifa moja. Hivyo wa kwanza unazaa N → T na N → M.

Pili, upande wa kushoto hupunguzwa. Katika A S → I, inaulizwa: je, A peke yake yaweza kufikia I? A huleta S, na A pamoja na S huleta I. Basi S haihitajiki, na utegemezi unakuwa A → I. A haiwezi kuondolewa, kwa kuwa S peke yake haifikii sifa nyingine yoyote.

Tatu, utegemezi unaopatikana kutokana na mwingine huondolewa. N → M ukifutwa, N bado hufikia M kupitia T. Kwa hiyo haufai kubaki. Hatua hii hufuata ya pili, kwani upunguzaji huweza kufichua ziada mpya. Kinachosalia ni mkusanyiko finyu:

```
N → T
T → M
A → S
A → I
```

Nne, tegemezi zenye upande mmoja wa kushoto huunganishwa katika jedwali moja. Yanapatikana majedwali (N, T), (T, M) na (A, S, I).

Wanafunzi wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara hutokea. N na A hazionekani upande wa kulia popote. Kwa hiyo ni lazima ziwemo katika kila ufunguo, na zikiwa pamoja hufikia sifa zote. Hata hivyo, hakuna jedwali lililo na zote mbili. Ikiwa kuna nakala tatu na waazimaji wawili, kuyaunganisha majedwali hayo matatu huzaa safu sita, hata kama maazimo halisi yalikuwa matatu tu. Mtu atadaiwa kitabu asichowahi kukigusa.

Kwa sababu hiyo, huongezwa jedwali la ufunguo, (N, A). Sharti hili lilibainishwa na Biskup, Dayal na Bernstein mwaka wa 1979. Iwapo jedwali mojawapo tayari lina ufunguo mzima, nyongeza haihitajiki.